Kifundo cha Ngumi Kikizama, Nenda Ukapimwe

Leo tutazungumza juu ya mkono uliopiga kitu kigumu. Mtu amekasirika. Amekunja ngumi, akapiga ukuta, au mlango, au nguzo ya nyumba. Hasira imekwisha, lakini mkono umebaki na maumivu. Asubuhi mkono umevimba, na kifundo kimoja hakionekani tena mahali pake. Watu nyumbani wanasema, "Umeteguka tu, utapona." Je, ni kweli?

Mara nyingine ni kweli. Lakini kifundo kilichozama ni dalili ambayo haifai kudharauliwa. Kinaonyesha kwamba mfupa wa mkono huenda umevunjika, na kipande chake cha mbele kimeinama. Soma makala haya polepole. Soma huku ukitazama mkono wako mwenyewe, maana mkono wako ndio utakaokuwa picha yetu ya leo.

Mifupa iliyo chini ya vifundo

Kunja ngumi. Tazama mgongo wa mkono wako. Utaona vifundo vinne vimejipanga mstari, kuanzia kidole cha shahada mpaka kidole cha mwisho. Katika makala haya, kila tukisema kifundo, tuna maana ya hivyo vifundo vinne vya ngumi.

Watu wengi hudhani kifundo ni mwanzo wa kidole. Sivyo. Kifundo ni mwisho wa mfupa mwingine, ulio ndani ya kiganja. Mifupa hiyo ya kiganja ni mitano, mmoja kwa kila kidole. Bonyeza mgongo wa mkono wako kwa kidole cha mkono wa pili. Anzia karibu na pale panapofungwa saa, halafu endelea mbele mpaka kwenye kifundo. Kitu kigumu unachokigusa njia nzima ni mfupa wa kiganja.

Kila mfupa wa kiganja una kichwa chake cha mviringo. Kichwa hicho ndicho kifundo. Nyuma kidogo ya kichwa mfupa unakuwa mwembamba. Hapo tunapaita shingo ya mfupa.

Sasa fikiri juu ya mmea wa mtama uliokomaa. Suke liko juu, na chini ya suke kuna shingo nyembamba ya bua. Ukilipiga suke kwa fimbo, shingo inavunjika na suke linainama. Mfupa wa kiganja huvunjika kwa namna hiyo hiyo. Ngumi inapopiga ukuta, nguvu yote inaingia kwenye kichwa cha mfupa. Ukuta hausogei. Shingo inashindwa na kuvunjika, na kichwa kinainama kuelekea ndani ya kiganja.

Ndiyo maana kifundo kinazama. Hakikuyeyuka wala hakikupotea. Kimeinama upande wa ndani, na kwa hiyo hukioni tena ukiutazama mkono kwa nje.

Mfupa unaovunjika mara nyingi zaidi kwa njia hii ni ule wa kidole cha mwisho. Unaofuata ni ule wa kidole cha pete. Mtu mwenye hasira hapigi kwa mpango. Mkono wake huzunguka kwa upande, na vifundo vya mwisho ndivyo vinavyokutana na ukuta kwanza.

Namna ya kujitazama

Ukiwa umepiga kitu kigumu na mkono unauma, fanya mambo matatu. Usitumie nguvu. Ukiona maumivu ni makali, acha.

Jambo la kwanza, linganisha mikono miwili. Ikunje ngumi yote miwili polepole na kuiweka pamoja mbele yako. Hesabu vifundo vya mkono mzima. Halafu hesabu vya mkono unaouma. Kama vya upande mmoja ni vinne na vya upande wa pili unaona vitatu, hiyo ndiyo dalili tunayoizungumzia. Pia pitisha kidole chako ndani ya kiganja, chini ya kile kifundo kilichozama. Pengine utagusa uvimbe mgumu, kama kokoto chini ya ngozi. Hicho ni kichwa cha mfupa.

Lakini uvimbe wa mkono unaweza kukudanganya. Siku ya kwanza na ya pili mgongo wa mkono huweza kuvimba mpaka vifundo vyote vikafunikwa. Hapo huwezi kujua kipi kimezama. Usiseme, "Sioni kitu, basi ni salama." Fuata maelezo ya huduma ya kwanza hapa chini, halafu tazama tena uvimbe unapopungua. Kama sehemu moja ya mfupa inauma sana ikiguswa, usingoje kuona kifundo. Nenda zahanati.

Jambo la pili, tazama vidole vinaelekea wapi. Kunja vidole vya mkono mzima polepole, kama unayeshika mpini. Utaona kucha zote zinaelekea sehemu moja, chini ya kidole gumba. Hakuna kidole kinachompanda mwenzake. Sasa kunja vidole vya mkono unaouma, kadiri unavyoweza. Kama kidole kimoja kinaingia chini ya jirani yake, au kinampanda, basi mfupa umevunjika na pia umejizungusha. Dalili hii huwezi kuiona vidole vikiwa vimenyooka. Ni lazima uvikunje.

Jambo la tatu, tafuta jeraha. Tazama ngozi juu ya kifundo. Hata mkwaruzo mdogo utazame. Tutaeleza sababu baadaye.

Hapa kuna imani moja inayowadanganya watu wengi. Watu husema, "Naweza kuchezesha vidole, kwa hiyo mfupa haukuvunjika." Jambo hili si kweli. Vidole huvutwa na kano, yaani kamba ngumu zinazotoka kwenye nyama za mkono. Mfupa wa kiganja unaweza kuvunjika na kano zikabaki nzima. Basi vidole vitacheza, ingawa kwa maumivu. Kuchezesha vidole hakuonyeshi kwamba mfupa ni mzima.

Kwa nini kifundo kilichozama kipimwe

Sasa tunafika kwenye swali kubwa. Mfupa uliovunjika huunga wenyewe. Hata ukikaa nyumbani, utaunga. Kwa nini basi ujisumbue kwenda hospitali, pengine kwa nauli ya basi na siku nzima ya kazi?

Sababu ni kwamba mfupa huunga jinsi ulivyo. Ukiwa umenyooka, utaunga umenyooka. Ukiwa umeinama sana, utaunga umeinama. Ukiwa umejizungusha, utaunga umejizungusha. Tunachokwenda kupima ni mambo hayo mawili: mfupa umeinama kiasi gani, na je, umejizungusha?

Tuanze na kuinama. Fanya jaribio hili kwenye mkono mzima. Shika kifundo cha kidole cha shahada kwa vidole vya mkono wa pili, kisha jaribu kukisukuma juu na chini. Hakisogei. Sasa shika kifundo cha kidole cha mwisho na ufanye hivyo hivyo. Kinacheza. Mifupa ya kiganja ya kidole cha shahada na kidole cha kati imejengwa imara, kama nguzo zilizochimbiwa. Mifupa ya kidole cha pete na kidole cha mwisho inalegea kidogo kwenye shina lake.

Jaribio hilo linatuonyesha kwa nini waganga hawavitendei vidole vyote sawa. Mfupa wa kidole cha mwisho ukiinama, unaweza kujirekebisha kidogo kwa sababu unacheza. Kona ya meza ina nyuzi 90. Nusu ya kona hiyo ni nyuzi 45. Mfupa wa kidole cha mwisho ukiinama chini ya kiasi cha nyuzi 40 hivi, mara nyingi mkono hufanya kazi vizuri baada ya kupona, hata bila kunyooshwa. Lakini mfupa wa kidole cha shahada hauna nafasi hiyo. Ukiinama zaidi ya nyuzi 10 au 15, mtu atapata shida.

Shida gani? Kichwa cha mfupa kikibaki ndani ya kiganja, kila unaposhika mpini wa jembe, mpini unagandamiza kichwa hicho. Ni kama kulima huku umeshika kokoto. Shoka na mchi huleta maumivu hayo hayo. Pia kidole huweza kushindwa kunyooka kabisa, kwa sababu kano zake sasa zinapita juu ya mfupa uliopinda.

Sasa tuzungumze juu ya kujizungusha. Jambo hili halisameheki kwa kidole chochote. Mfupa ukijizungusha kidogo tu karibu na kifundo, ncha ya kidole inakwenda mbali na njia yake. Vidole vikikunjwa vinagongana. Mtu hawezi kufumba ngumi vizuri, wala kushika jembe sawasawa. Mwili haurekebishi kosa hilo wenyewe, hata ukingoja miaka.

Macho na vidole vya mganga wa zahanati vinaweza kuona kifundo kilichozama na kidole kilichojizungusha. Lakini haviwezi kupima mfupa umeinama kiasi gani. Kazi hiyo inahitaji picha ya eksirei. Picha moja haitoshi. Mkono hupigwa picha kwa mbele, kwa mshazari na kwa ubavu, maana mfupa unaoonekana umenyooka kwa mbele unaweza kuonekana umeinama kwa ubavu.

Na muda una maana kubwa. Katika juma la kwanza vipande vya mfupa bado viko huru, na mganga anaweza kuvirudisha kwa mikono yake. Kila siku inayopita vinazidi kushikana. Baada ya majuma 3 hivi mara nyingi vimekwisha gandamana. Ukija wakati huo, mfupa hauwezi kunyooshwa tena kwa mikono. Pengine itabidi upasuliwe na mfupa uvunjwe upya. Kwa hiyo, nenda ndani ya siku chache za kwanza.

Kijana aliyepiga ukuta wa matofali

Tutazame jambo moja lililotokea, ili uone hatua zote.

Kijana mmoja wa miaka 24 aligombana na kaka yake jioni juu ya mpaka wa shamba. Hakumpiga kaka yake. Aligeuka akaupiga ukuta wa matofali ya saruji kwa mkono wa kulia. Usiku ule mkono ulivimba. Asubuhi aliuloweka katika maji ya moto, na mzee mmoja akamkanda kwa mafuta. Uvimbe ukazidi.

Siku ya tatu alikuja zahanati. Mgongo wa mkono ulikuwa umevilia damu upande wa kidole cha mwisho. Ngozi ilikuwa nzima, haina mkwaruzo. Alipoombwa kukunja ngumi zote mbili, upande wa kushoto vifundo vinne vilionekana. Upande wa kulia vilionekana vitatu. Ndani ya kiganja aliguswa uvimbe mgumu, akaruka kwa maumivu. Kisha akaombwa akunje vidole polepole. Kidole cha mwisho kiliingia chini ya kidole cha pete.

Nilimwambia, "Kaka, mfupa huu inaonekana umevunjika na umejizungusha. Inafaa uende hospitali ya wilaya ukapigwe picha."

Akajibu, "Daktari, vidole vinacheza. Na mimi nimebakiza nusu eka ya kulima, mvua zimekwisha anza. Nitakwenda nikimaliza."

Neno lake lilikuwa na uzito. Mkulima anayekosa mvua za kwanza anaweza kukosa chakula cha mwaka. Ndipo tukahesabu pamoja. Nusu eka kwa mkono mmoja ingemchukua majuma mawili au zaidi. Wakati huo mfupa ungekuwa umeshikana vibaya. Nusu eka ni ya mwaka mmoja, lakini mkono wa kulia ni wa kulimia miaka yote. Kijana akanyamaza, kisha akaomba barua ya rufaa.

Hospitali picha ilionyesha shingo ya mfupa wa kidole cha mwisho imevunjika. Kichwa kiliinama kiasi cha nyuzi 50. Mganga alimchoma sindano ya ganzi. Alipokwisha kufa ganzi, mganga alikikunja kidole kwenye kifundo mpaka kikafika kama kona ya meza. Kisha alikitumia kidole chenyewe kama mpini, akasukuma kichwa cha mfupa kurudi juu, na kukigeuza kidole mpaka kikaelekea sawa na wenzake. Baada ya hapo mkono ulifungwa plasta ngumu, na picha ikapigwa mara ya pili. Mfupa ulikuwa umekaa vizuri.

Baada ya juma moja alirudi kwa picha nyingine. Hii ni lazima, kwa sababu mfupa wa shingo hupenda kuinama tena ndani ya plasta. Wake ulikuwa haujasogea. Ungekuwa umesogea, angewekewa vyuma vyembamba vya kuushikilia.

Plasta ilitolewa baada ya majuma 4. Kwa majuma mawili zaidi kidole cha mwisho kilifungwa pamoja na cha pete kwa kitambaa, huku akifanya mazoezi ya kufumba na kufumbua mkono. Juma la 7 alianza kulima kidogo kidogo. Leo kifundo chake kiko chini kidogo kuliko cha mkono wa pili, lakini vidole vinafumba sawasawa na mpini haumuumizi. Nusu eka ile ililimwa na kaka yake, yule yule waliyegombana.

Kumbuka jambo hili: si kila mtu hurudishiwa mfupa. Wengine picha inaonyesha mfupa umeinama kidogo tu na haukujizungusha. Hao hufungwa plasta, au vidole viwili hufungwa pamoja kwa majuma 3 au 4, basi. Kifundo kinaweza kubaki chini maisha yote, na mkono ukafanya kazi zote. Tunapima ili kujua nani ni wa kundi hilo, na nani si wa kundi hilo.

Huduma ya kwanza nyumbani

Mtu akipiga kitu kigumu na mkono ukavimba, fanyeni hivi.

1. Vua pete na bangili mara moja. Mkono ukivimba, pete itakaza kama kamba na kuzuia damu isifike kwenye kidole. Ikikwama, paka sabuni na maji, uizungushe polepole. Ikikataa, kimbilia zahanati ikakatwe.

2. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi juu ya uvimbe kwa dakika 15 hivi. Rudia mara kadhaa siku hiyo. Maji ya moto huongeza uvimbe siku za kwanza.

3. Inua mkono juu. Ukikaa au kulala, uweke juu ya mto, uwe juu ya kifua. Ukitembea, uninginize kwa kanga iliyofungwa shingoni, kiganja kiwe juu kuliko kiwiko.

4. Funga kidole kinachouma pamoja na jirani yake. Weka pamba au kitambaa laini katikati, ngozi isisuguane na kuoza. Mwache mgonjwa ashike kitambaa kilichokunjwa ndani ya kiganja. Usikaze sana. Ncha za vidole zikiwa baridi, au nyeupe, au zina ganzi, legeza.

5. Kwa maumivu, mtu mzima anaweza kumeza vidonge 2 vya panado vya miligramu 500. Anaweza kurudia baada ya saa 6. Asizidishe vidonge 8 katika siku moja, mchana na usiku.

Na haya msiyafanye. Msiukande mkono wala kuusugua kwa nguvu. Msivute kidole ili kukirudisha bila picha na bila ganzi. Mfupa uliokaa vizuri unaweza kujizungusha kwa kuvutwa. Tena, msifunge kidole kwa ubao kikiwa kimenyooka kwa majuma mengi.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo. Pembeni mwa kila kifundo kuna mikanda inayokishikilia. Kidole kikinyooka, mikanda hiyo inalegea. Kidole kikikunjwa kwenye kifundo, inakaza na kurefuka. Ukifunga kidole kikiwa kimenyooka kwa muda mrefu, mikanda iliyolegea inajikunyata. Siku ya kufungua, mfupa umepona lakini kifundo hakikunjiki. Ndiyo maana hospitali hufunga mkono ukiwa na umbo la paa la nyumba: mgongo wa mkono ni upande mmoja wa paa, vidole ni upande wa pili, na kifundo ni kilele. Ukiona plasta imekunja vifundo namna hiyo, usifikiri mganga amekosea.

Kama kuna jeraha juu ya kifundo

Sasa turudi kwenye lile jambo la tatu, yaani jeraha.

Ukuta unaweza kuchana ngozi. Mfupa uliovunjika unaweza pia kutoboa ngozi. Jeraha lolote karibu na mfupa uliovunjika ni mlango wa vijidudu. Lakini kuna jeraha moja ambalo watu hulificha. Mtu anasema, "Nilipiga ukuta," kumbe alimpiga mwenzake mdomoni, na jino likamchana kifundo.

Jeraha hilo ni dogo, pengine kama punje ya mtama. Halitoi damu nyingi. Lakini ngumi ilipopiga, kidole kilikuwa kimekunjwa, na jino likaingia mpaka ndani ya kiungo. Kidole kinaponyooka, ngozi na kano vinateleza na kuziba shimo. Vijidudu vya mdomoni vinabaki ndani. Kwa siku moja au mbili kiungo kinaweza kujaa usaha na kuharibika kabisa.

Kwa hiyo mwambie mganga ukweli. Mganga hakuulizi ili akushitaki. Anataka kujua dawa ipi ikufae. Osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, lifunike kwa kitambaa safi, na uende siku hiyo hiyo. Usingoje kesho. Utasafishwa kiungo, utapewa dawa za kuua vijidudu, na pengine sindano ya kuzuia pepopunda. Jeraha la jino kwa kawaida halishonwi siku ya kwanza, maana kulishona ni kufungia uchafu ndani.

Uende lini?

Nenda siku hiyo hiyo kama kuna jeraha, kama mfupa umetokeza, au kama kidole kimekuwa baridi, cheupe au kina ganzi.

Nenda kesho yake kama kidole kinampanda jirani yake, au kama kifundo kilichozama ni cha kidole cha shahada au cha kati.

Nenda ndani ya siku chache, bila kupitisha juma, kama kifundo cha kidole cha mwisho au cha pete kimezama na dalili nyingine hazipo. Wakati huo endelea na huduma ya kwanza.

Na ukikwisha fungwa plasta, rudi upesi ikiwa maumivu yanazidi badala ya kupungua, au vidole vinavimba na kubadilika rangi. Pengine plasta imekaza. Usiilegeze kwa panga nyumbani.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kifundo cha ngumi ni sehemu gani ya mfupa? Kwa nini kinazama mfupa ukivunjika?

2. Kunjeni ngumi wote darasani. Kucha zenu zinaelekea wapi? Kama kidole kimoja kingempanda jirani yake, kingeonyesha nini?

3. Kwa nini mfupa ulioinama wa kidole cha mwisho una nafasi ya kusamehewa kuliko wa kidole cha shahada?

4. Jirani yako alipiga nguzo jana. Anachezesha vidole, lakini kifundo kimoja hakionekani. Anasema atakwenda hospitali baada ya palizi. Utamwambia nini?